Hadithi ya kulala haimwingii mtoto wa miaka 3: dalili, visababishi na marekebisho

Mwongozo huu ni wa mzazi, mlezi au mwandishi mwenye hadithi nzuri iliyoandikwa kwa mtoto wa miaka 7 au 8, anayetaka kuishusha hadi kwa msikilizaji wa miaka 2 hadi 4. Umeshajaribu: umeondoa maneno magumu, umeweka kibwagizo cha kurudiarudia, na bado kuna kitu hakikai sawa. Mtoto anahangaika, au anachangamka badala ya kusinzia, au anauliza "nani?" kila mara.

Nitatumia hadithi moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Konokono anatamani kuuona mwezi kwa karibu. Anapanda mti mrefu kando ya bwawa, njiani anakutana na wanyama wanaomkatisha tamaa, bundi anamtisha, mvua inanyesha, na hatimaye anagundua kwamba popote alipo, nyumba yake iko mgongoni. Sentensi ya kwanza ya hadithi hiyo ni hii:

"Konokono, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akitamani kuuona mwezi kwa karibu, aliamua usiku huo kuupanda mti mrefu uliokuwa kando ya bwawa, ingawa alikwisha kuonywa na chura kwamba safari hiyo ingemchukua usiku kucha."

Kwa mtoto wa miaka 8 sentensi hii haina tatizo. Kwa mdogo wake ni mzigo, na sababu kubwa siyo ile ambayo wengi huiendea kwanza.

Dalili: maneno yote ni mepesi, lakini mtoto anapotea katikati ya sentensi

Dalili yake ni macho. Mwanzoni yanakutazama, sentensi ikifika nusu yanahamia kwenye shuka, kwenye vidole, kwenye mlango.

Wengi hudhani kisababishi ni msamiati, wakaanza kubadilisha neno kwa neno: "kutamani" likawa "kutaka", "safari" likawa "kwenda". Hayo si mabaya, ila angalia vitenzi. Katika Kiswahili kitenzi kimoja hubeba mtendaji, wakati, mtendwa na mara nyingine kirejeshi, vyote kwa pamoja. "Ingemchukua" ni neno moja kwenye karatasi, lakini ndani yake mna safari, mna sharti, na mna konokono. "Alikwisha kuonywa" lina jambo lililotangulia jingine, tena katika kauli ya kutendwa, kwa hiyo mwonyaji anatajwa mwishoni wakati mtoto alishamhitaji mapema. Ndiyo maana kuhesabu maneno katika sentensi hakukusaidii sana. Hesabu vitenzi, na utazame kila kitenzi kimebeba nini.

Marekebisho ni kuifungua sentensi, kila kitenzi kisimame peke yake na kifuate mpangilio wa matukio yenyewe. Toa "ambaye" na viambishi vya urejeshi kama -o- ya "uliokuwa". Toa kauli ya kutendwa: badala ya konokono kuonywa na chura, chura mwenyewe aseme. Toa -nge- na -ngali- kabisa, kwa sababu jambo ambalo lingeweza kutokea lakini halikutokea halina picha ya kumwonyesha mtoto. Bakiza nyakati mbili za kusimulia: -li- ya kufungulia na -ka- ya kuendeleza. Ndani ya maneno ya wahusika tumia -na- au -me-, kama mtu anavyoongea.

Sentensi ile ndefu inabaki hivi:

"Usiku uliingia. Konokono alitaka kuuona mwezi. Konokono akapanda mti."

Chura ameondoka, bwawa limeondoka, onyo limeondoka. Kilichobaki ni wakati, hamu na tendo. Hamu usiiguse, nitaeleza mbele kwa nini.

Sasa kuhusu msamiati wenyewe. Maneno ya kuondoa ni yale ya mambo yasiyoshikika: shauku, azma, kugundua, kukata tamaa. Neno geni la kitu kinachoonekana unaweza kuliacha, mradi ulirudie na ulifafanue papo hapo kwa neno analolijua. Mimi ningebakiza "gamba": "Konokono ana gamba. Gamba ni nyumba yake." Lirudi tena mwishoni. Neno moja au mawili ya namna hiyo yanatosha kwa hadithi nzima. Ukiyafuta yote, utabaki na hadithi isiyompa mtoto neno jipya la kuchezea kesho yake.

Dalili: mtoto anauliza "nani?"

Hili ndilo kosa linalojificha kuliko yote, kwa sababu msomaji mtu mzima halihisi. Tazama:

"Chura alimwona akipanda, akamwuliza anakwenda wapi, akamjibu anakwenda kuuona mwezi, akacheka akamwambia hatafika."

Nani alicheka? Mtu mzima anajua, maana mantiki inamwongoza. Lakini kiambishi a- hakimtofautishi chura na konokono, wala -m- haimtofautishi anayeambiwa. Wote ni "a", wote ni "m". Katika sentensi hii mtendaji amebadilika mara kadhaa bila jina kutajwa tena. Mtoto wa miaka 3 anasikia mlolongo wa matendo yaliyokosa wenyewe.

Dawa yake ni jina. Taja jina, fuatisha kitenzi kimoja, vikizidi viwili, kisha taja jina tena. Shuleni tulifundishwa kwamba kurudia nomino ni uzembe wa mtindo. Kwa msikilizaji huyu kurudia ndiyo adabu. Na hapa kuna faida ya pili: jina linalorudi linajenga sauti. "Konokono" tayari lina mdundo ndani yake, ko-no-ko-no, kwa hiyo kila unapolitaja unafanya kazi mbili kwa mpigo.

Vivyo hivyo kwa mazungumzo. Acha "akajibu", "akadakia", "akanong'ona", "akashangaa". Tumia "akasema" kila mahali, hata kwa swali. "Panzi akasema. Konokono akasema." Mtoto anaanza kulitegemea neno hilo: likisikika, sasa mtu anaongea. Minong'ono na mishangao ifanye wewe kwa sauti yako.

Kuna mtego mmoja hapa unaowanasa watu wenye mapenzi mema. Wanaona konokono ni mdogo, hadithi ni ya mtoto, basi wanaandika "kakonokono kadogo kalipanda". Upatanisho wote unageuka, na ka- ya udogo inaanza kugongana na -ka- ya kusimulia: "kakonokono kakapanda, kakakaa". Ulimi unajikwaa, na mtoto aliyezoea kusikia "konokono alipanda" anadhani ameingia mnyama mwingine. Mwache aitwe konokono. Udogo wake uonekane kwenye mti mrefu anaoupanda.

Dalili: kibwagizo kinamwamsha badala ya kumtuliza

Mtoto anacheka, anarukaruka kitandani, anataka kibwagizo peke yake mara kumi. Kibwagizo ni kizuri, tena kizuri mno, ila ni cha mchana.

Chukua mfano wa kibwagizo ambacho mtu angekiandika kwa haraka: "Panda, panda, paa, paa! Konokono, kaa, kaa!" Tatizo lake liko sehemu tatu. Kwanza, konsonanti za kupasuka zimejipanga mwanzoni mwa kila neno, na karibu kila moja imefuatwa na irabu a, inayofungua kinywa chote. Weka kiganja mbele ya mdomo useme "panda, panda": pumzi inakupiga. Pili, maneno ni mafupi, kwa hiyo yanakimbia. Tatu, alama za mshangao zinamwambia msomaji apandishe sauti, naye atapandisha.

Sauti zinazotuliza ni zile zinazoweza kuvutwa bila kukatika: m, n, ny, l, w, y, s na sh, pamoja na irabu ndefu. Huwezi kuandika hadithi bila p na k, wala si lazima. Kinachohitajika ni kuzizungushia sauti laini ili zipunguze makali. "Polepole" lina p mbili, lakini o na l zinaliburuta. Huwezi kulisema kwa haraka bila kujisikia unakwenda kinyume chake.

Kibwagizo cha hadithi yetu kikawa hiki:

Polepole, konokono,
polepole, panda mti.

Hesabu mizani: po-le-po-le ko-no-ko-no, mizani 8. Po-le-po-le pa-nda-m-ti, mizani 8 tena. Kumbuka kwamba m ya "mti" ni silabi inayosimama peke yake, wakati m ya "mwezi" haihesabiwi, mwe-zi ni mizani 2. Wengi hukosea hapo, kisha wanashangaa kwa nini mstari unachechemea. Na kwa kuwa mkazo katika Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, maneno ya silabi nne yakipangwa mawilimawili hujibembeza yenyewe: poLEpole ukisema vibaya unasikia mara moja kwamba si hivyo, ni polePOle, konoKOno. Mbembeo huo ndio unaoutafuta.

Neno "panda" limebaki, ndiyo, lakini liko moja, katikati ya mstari, baada ya neno linalokuchelewesha. Mwishoni mwa hadithi litaondoka pia.

Tanakali za sauti zinafuata kanuni ileile. "Tawi likakatika kwaa!" na "panzi akaanguka puu!" ni za mchana. Usiku zina nafasi tuli na nyatunyatu.

Dalili: mtoto hashiriki kibwagizo hata usiku wa nne

Pima kwanza umbali. Kibwagizo kikirudi kila baada ya ukurasa mzima, mtoto ameshakisahau. Kirudi kila baada ya sentensi nne hadi sita fupi. Pili, je, kimebadilika? Mwandishi huchoka na kibwagizo chake kabla ya mtoto, akaanza kukipamba: mara hii "polepole", mara ile "taratibu", mara nyingine "mdogomdogo". Kila badiliko linamrudisha mtoto mwanzo. Badilisha kitu kimoja tu, tena mara ya mwisho, na badiliko hilo liwe na maana katika hadithi.

Tatu, sauti zenyewe. Watoto wengi wadogo bado hutamka r kama l, na th, dh na gh huwachukua muda. Kibwagizo chenye "taratibu" au "ghafla" kinaweza kumfanya anyamaze wakati angependa kusema. "Polepole" na "konokono" vimo ndani ya uwezo wake.

Dalili: mstari unasikika vizuri, lakini una neno ambalo hata wewe hulisemi

Kisababishi ni kina. Sikio lililolelewa na mashairi hutaka vina, na vina havichoki kudai. Unaanza na "polepole", unatafuta la kulandana nalo, unaishia hapa: "Konokono polepole, aendaye kwa upole, mwili wake hauna ndwele." Ndwele limeingiaje kwenye hadithi ya konokono? Limeletwa na -le.

Kwa umri huu acha vina vya mwisho kabisa. Kiswahili kinakupa ulinganifu wa sauti bure mwanzoni mwa maneno, kupitia upatanisho wa ngeli: mti mrefu, mti mkubwa, mwezi mweupe, mwezi mzuri. Hapo m inajirudia yenyewe bila neno hata moja kuvutwa kwa kamba. Ukihitaji mlingano zaidi, rudia neno zima.

Hadithi baada ya marekebisho

Usiku uliingia. Mwezi ulikuwa juu.
Konokono ana gamba. Gamba ni nyumba yake.
Konokono alitaka kuuona mwezi.
Konokono akapanda mti.

Polepole, konokono,
polepole, panda mti.

Konokono akafika kwenye tawi.
Akamwona panzi.
Panzi akasema, "Lala hapa, konokono."
Konokono akasema, "Bado, bado. Nataka kuuona mwezi."

Polepole, konokono,
polepole, panda mti.

Konokono akafika kwenye jani.
Jani laini, jani la majimaji.
Akamwona kipepeo.
Kipepeo akasema, "Lala hapa, konokono."
Konokono akasema, "Bado, bado. Nataka kuuona mwezi."

Polepole, konokono,
polepole, panda mti.

Konokono akafika juu.
Mwezi huo! Mwezi mweupe, mwezi mzuri.
Konokono akasema, "Nimeuona mwezi."
Konokono akaingia ndani ya gamba.
Gamba ni nyumba yake.

Polepole, konokono,
polepole, lala sasa.

Isome kwa sauti kabla ya kuipeleka kitandani. Kila mstari uishe kwa pumzi moja tulivu. Ukilazimika kuvuta pumzi katikati, ukate. Mshangao mmoja umebaki, "Mwezi huo!", kwa sababu mtoto ameungoja hadithi nzima na anastahili kuupata. Ukiona unamchangamsha kupita kiasi, weka nukta.

Dalili: hadithi imekwisha, mtoto anasema "halafu?" au "kwa nini?"

Maswali haya mawili yana visababishi tofauti, na inafaa kuyatenganisha.

"Kwa nini?" mara nyingi maana yake umekata kupita kiasi. Hadithi ikipunguzwa, cha kwanza kuondoka huwa ni sababu, maana sababu ndizo hukaa ndani ya sentensi ndefu zenye "kwa kuwa" na "ingawa". Unabaki na konokono aliyepanda mti, akakutana na panzi, akalala. Mtoto ana haki ya kuuliza alipanda kwa nini. Ndiyo maana nilisema usiiguse hamu ya kuuona mwezi. Itaje mwanzoni kwa sentensi moja wazi, irudie kila anapozuiwa, na itimie. Mengine yote yanaweza kukatwa: chura, bwawa, mvua, hata funzo la mwisho kuhusu nyumba. Angalia kwamba funzo halikupotea. Limegeuka kuwa tendo, konokono anaingia ndani ya gamba lake, na hakuna anayelieleza.

"Halafu?" ni jambo jingine. Kitu kimeachwa wazi. Panzi alimwalika, kipepeo alimwalika. Wakibaki wanangoja, mtoto anawakumbuka. Kama anaendelea kuuliza, ongeza mistari miwili kabla ya kibwagizo cha mwisho: "Panzi akalala. Kipepeo akalala." Usiongeze mhusika mpya wala tendo jipya hapo. Kila kinachoongezwa baada ya konokono kuuona mwezi kiwe kinafunga.

Dalili: mtoto anaogopa sehemu moja, au anaomba uiruke

Kwenye hadithi ya awali alikuwepo bundi. Nimemwondoa, na sikumgeuza kuwa bundi mpole. Mtoto mkubwa hufurahia kitisho kwa sababu anakumbuka mwanzo na anatarajia mwisho mwema. Mdogo yuko ndani ya sentensi anayoisikia sasa hivi, na taa ikizimwa sentensi hiyo ndiyo anayobaki nayo. Kizuizi kinaweza kuwepo bila tishio: mwaliko wa "lala hapa" unamchelewesha konokono vizuri tu, tena unamtajia mtoto neno "lala" mapema na mara nyingi.

Dalili: mdogo ametulia, mkubwa aliye chumba kimoja naye analalamika

Mkubwa anaijua hadithi ndefu na anasikia vilivyokatwa. "Bundi yuko wapi?" Usimrudishe bundi ili kumridhisha. Mpe sehemu: aseme yeye maneno ya panzi na kipepeo, "Lala hapa, konokono", na wewe ubaki na kibwagizo. Kibwagizo usimwachie, maana ndicho kinachoshika mwendo, na mtoto wa miaka 8 atakiharakisha. Sauti yako ishuke kidogo kila kinaporudi. Naye atakufuata kwenye mstari wake unaokuja bila kuambiwa. Hadithi ndefu yenye bundi isomwe wakati mwingine, mdogo asipokuwepo.